UZI: Kwa nini kiwanda cha sukari hulima miwa yake, ilhali kiwanda cha unga hununua mahindi getini?

Mwana_wa_Kidodi (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Nimekulia Kidodi, katika bonde la Kilombero, ambako msimu wa kusaga ukianza usiku unakuwa mwekundu kwa moto wa mashamba yanayochomwa kabla ya kukatwa. Sasa ni mhasibu wa kiwanda cha unga mjini Morogoro, na kila siku nikipitisha malipo ya mahindi kuna jambo moja linanirudia kichwani.

Bosi wangu hana hata ekari moja ya mahindi. Wafanyabiashara huleta magunia getini, mtu wetu huchoma gunia kwa kibomba, hutazama punje na kupima unyevu, bei inakubaliwa, fedha inatoka. Asiporidhika, lori linaondoka na jingine linaingia. Kule nyumbani, kiwanda cha sukari kina maelfu ya hekta za miwa yake chenyewe, kina matrekta, mifereji ya umwagiliaji na wasimamizi wa mashamba, na juu ya hayo yote kinanunua miwa ya wakulima wa nje. Wote wawili kazi yao ni kusaga mazao ya shambani. Ikiwa soko linamtosha mwenye unga, kwa nini halimtoshi mwenye sukari? Na ikiwa kulima mwenyewe ndiyo njia bora, kwa nini tena anunue kwa jirani?

Nimesoma kidogo kuhusu Ronald Coase, Mwingereza aliyeuliza swali la namna hii mwaka 1937: ikiwa bei za sokoni ndizo zinazopanga nani afanye nini, kampuni zipo kwa sababu gani? Jibu lake ni kwamba kutumia soko kwenyewe kuna gharama, na kampuni hukua hadi pale ambapo kufanya jambo moja zaidi ndani kunakuwa ghali kuliko kulinunua. Maneno nimeyaelewa, ila bado hayanielezi tofauti ya miwa na mahindi.

---

Kijana_wa_Kariakoo

Mkuu, hilo ni jepesi. Kila unaponunua kwa mtu, unamlipa gharama zake pamoja na faida yake. Ukilima mwenyewe, ile faida inabaki kwako. Kiwanda cha sukari kina mtaji mkubwa, kwa hiyo kinaweza kukwepa watu wa kati. Bosi wako wa unga hana mtaji wa kununua mashamba, basi.

---

Bi_Mizani

Nimefanya kazi miaka kumi na moja katika ofisi ya mapokezi ya miwa ya kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, kwa hiyo naomba nimjibu mdogo wangu wa Kariakoo kwa utaratibu.

Hoja ya kuokoa faida ya mkulima inavutia, lakini haisimami. Ukinunua shamba, bei ya shamba lenyewe tayari imebeba faida itakayotoka humo, kwa kuwa mwenye kuuza naye anajua kuhesabu. Fedha uliyoizika kwenye ardhi, matrekta na mbolea ungeweza kuiweka kwingine ikazaa. Ile unayoiita faida ya mkulima, sehemu yake kubwa ni malipo ya fedha na jasho ambavyo sasa utavitoa wewe. Zaidi ya hapo, kama hoja hiyo ingekuwa kweli kwa miwa, ingekuwa kweli kwa mahindi pia, na wapo wenye viwanda vya unga ambao mtaji wanao na bado wananunua sokoni.

Tofauti inaanzia kwenye saa. Mahindi yakikauka vizuri na kuhifadhiwa, yanakaa miezi. Muwa ukishachomwa na kukatwa, sukari yake inaanza kuharibika na uzito wake unashuka kwa kukauka, ndiyo maana sisi tulitaka ufike kiwandani ndani ya saa 24, na zikipita 48 tulianza kugombana. Tena muwa ni mzigo mzito wenye thamani ndogo kwa kila tani, kwa sababu sehemu kubwa ni maji na makapi. Huwezi kuupakia Kilombero ukaupeleka Kilimanjaro kutafuta bei nzuri. Kwa hiyo mkulima ana mnunuzi mmoja, na mnunuzi yule naye hawezi kuagiza miwa kutoka mbali. Wameshikana, na hakuna anayeweza kuondoka kwa urahisi.

---

Wakili_wa_Arusha

Naona mnazunguka. Kampuni ni mtu wa kisheria anayezaliwa siku anaposajiliwa BRELA, na kilichomo ndani ya kampuni ni kile kilichoandikwa katika malengo yake. Kiwanda cha sukari kinalima kwa sababu kimejisajili kulima. Mwenye unga akitaka, abadilishe katiba ya kampuni yake.

---

Mwana_wa_Kidodi

Wakili, ahsante, lakini usajili unaeleza kinachoruhusiwa. Mimi nauliza kwa nini mtu mwenye ruhusa ya kufanya yote mawili achague moja. Bi Mizani, naomba uendelee. Kushikana peke yake si kosa. Mume na mke nao wameshikana. Tatizo linaanzia wapi?

---

Bi_Mizani

Linaanzia baada ya mmoja kukwisha kutoa fedha. Niruhusu nitumie tarakimu za mfano, nilizozichagua kwa ajili ya urahisi wa hesabu tu.

Tuseme mkulima wa nje anatumia shilingi 1,300,000 kulima ekari moja, kununua mbegu, kupanda, kupalilia na kuweka mbolea, kisha anasubiri takriban mwaka mzima. Siku ya mavuno anahitaji shilingi 500,000 nyingine za kukata, kupakia na kusafirisha. Ekari inatoa tani 25, na kiwanda kimemwahidi 80,000 kwa tani. Atapata 2,000,000, atoe gharama zote 1,800,000, abaki na 200,000. Ni biashara ndogo, lakini inaeleweka.

Sasa miwa imesimama shambani na kiwanda kinasema mambo yamebadilika, tutalipa 50,000. Mkulima atafanya nini? Zile 1,300,000 zimeshaingia ardhini na hazirudi kwa kununa. Kilicho mkononi mwake kwa wakati huo ni 500,000 za mavuno, ambazo ni 20,000 kwa kila tani. Bei yoyote iliyo juu ya 20,000 inamfanya avune akiwa analia, kwa sababu kuacha miwa isimame kunampa hasara kubwa zaidi. Basi kati ya 80,000 waliyokubaliana na 20,000 anayoweza kulazimishwa kuipokea, kuna shilingi 60,000 kwa kila tani zinazoning'inia hewani, na atakayezichukua ni yule mwenye nguvu siku hiyo.

Sasa rudi mwaka mmoja nyuma. Mkulima mwenye akili anaiona siku hiyo kabla haijafika, na anaamua kupanda mpunga, ambao una wanunuzi wengi. Kiwanda hakina nia mbaya hata kidogo, lakini kinakosa miwa kwa sababu tu kingeweza kuwa na nia hiyo. Gharama ya muamala, yaani ile gharama ya kutumia soko aliyoitaja Coase, ni hiyo hasa. Karatasi na nauli za kwenda kusaini ni sehemu ndogo, na iliyo kubwa ni miwa ambayo haikupandwa kabisa.

Jaribu hesabu hiyohiyo kwa mahindi. Mwenye unga akimwambia mkulima bei imeshuka nusu, mkulima anabeba gunia lake hadi mashine ya pili, au analirudisha ghalani hadi mwezi wa pili. Hakuna pengo la kumkamua. Bei ya soko inatosha kufanya kazi yote, na ndiyo maana bosi wako hana sababu ya kujitwika shamba.

---

Fundi_wa_Keko

Bi Mizani, maneno yako yamenigusa, kwa kuwa yamenikuta mimi mwenyewe kwenye mbao. Nina karakana ya samani. Kupiga randa napeleka mashine za jirani, ziko nyingi, ukiona foleni kwa huyu unakwenda kwa yule, na sijawahi kuota kununua mashine yangu. Kuchonga nakshi nako nilikuwa nampa mtu wa nje.

Nilipata oda ya vitanda 20 vya nyumba ya wageni, vyote na nakshi ya aina moja kwenye ubao wa kichwani. Tulikubaliana na mchongaji 35,000 kwa kila ubao. Akachora kiolezo chake kwenye plaiwudi, akaanza. Siku mbili kabla ya kukabidhi, mbao zangu zote zikiwa kwake na nakshi zikiwa nusunusu, akasema bei ni 50,000. Kumpelekea mtu mwingine haiwezekani, mkono haufanani na kiolezo ni chake. Nililipa 300,000 za ziada bila kufungua mdomo.

Baada ya hapo nikaajiri mchongaji wa mshahara. Mwezi wa kwanza alichonga mbao nne kwa siku. Sasa ni mwezi wa tatu, nikiwepo anachonga nne, nikienda kwa mteja anachonga mbili, na wiki isiyo na oda ya nakshi anakaa kwenye benchi akinywa kahawa kwa mshahara wangu. Sijui kama nilitatua tatizo au nilibadilisha tu aina yake.

---

Bi_Mizani

Fundi, umeeleza kwa aya tatu kitu ambacho wengine hukieleza kwa kitabu kizima. Randa unainunua kwa sababu mbao yako ni mbao kama nyingine na mashine ziko nyingi. Nakshi ilianza kama biashara ya kawaida, lakini siku mchongaji alipoanza kazi kwa kiolezo chake, soko la wachongaji wengi liligeuka kuwa mtu mmoja. Kabla ya kuanza ulikuwa na wachongaji kumi wa kuchagua. Siku mbili kabla ya kukabidhi ulikuwa naye peke yake. Na ulipomwingiza ndani, ulipata tatizo la ndani: mshahara haujui ni mbao ngapi zimechongwa.

---

Wakili_wa_Arusha

Sasa nimeelewa swali, na naomba radhi kwa jibu langu la kwanza. Lakini bado sioni kwa nini mtu anunue shamba ili kujikinga na udanganyifu wa bei. Kazi hiyo ni ya mkataba. Andika bei, andika kiasi, weka kipengele cha fidia, na atakayevunja apelekwe mahakamani. Fundi naye alipaswa kuandikishana.

---

Bi_Mizani

Wakili, mikataba tulikuwa nayo, na nisingependa mtu afikiri kwamba haifanyi kazi. Ila nitakuonyesha mahali inapovuja.

Mkulima halipwi kwa uzito pekee. Muwa mchanga, au uliolala shambani siku tatu baada ya kuchomwa, una sukari kidogo, kwa hiyo malipo hufuata pia kiwango cha sukari. Kiwango hicho kinapimwa wapi? Katika maabara, ndani ya uzio wa kiwanda, na mtu anayelipwa na kiwanda. Mkulima anaona lori lake likipita kwenye mizani, anaona namba ya tani, lakini utamu anaambiwa tu. Siku moja mzee mmoja alinijia dirishani akiwa na karatasi mbili, yake na ya jirani yake, shamba kwa shamba, miwa imekatwa juma moja, na kiwango chake kilikuwa chini. Nilimweleza kwamba miwa yake ilichomwa Jumanne na ikafika Ijumaa. Akaniuliza: ni nani aliyepanga lori lije Ijumaa? Sikuwa na jibu, kwa sababu ratiba ya malori tulipanga sisi.

Mkataba ulitaja bei, ukataja kiwango, lakini ungeandikaje kila sababu ya lori kuchelewa? Mvua, daraja, mtambo uliosimama, dereva aliyeugua, zamu iliyopewa kigogo wa kijiji. Ukiandika zote, mkataba unakuwa msahafu na bado siku itakuja na jambo la kumi na moja. Na hata ukishinda kesi, hukumu ikitoka baada ya miaka miwili muwa ulishaoza zamani. Kitu kilichosaidia kidogo ni mwakilishi wa wakulima kuruhusiwa kukaa kwenye mizani na maabara. Mkataba ulibaki vilevile, ila sasa mtu wao alikuwa anaona.

Shamba la kiwanda lenyewe halina ugomvi huo. Muwa ukichelewa, meneja wa shamba na meneja wa mtambo wanatukanana kwenye kikao cha asubuhi, bosi anaamua, kazi inaendelea. Hakuna anayelipwa pungufu kwa sababu ya Ijumaa. Ndani ya kampuni amri inachukua nafasi ya mapatano, na kwa kitu kinachooza kwa saa, amri ina kasi kuliko mapatano.

---

Msomaji_wa_Bungoma

Nimefuatilia uzi huu kutoka magharibi mwa Kenya na nina malalamiko kidogo: mnaongea kana kwamba mnyonge ni mkulima siku zote. Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume. Kiwanda kilikuwa kinamkopesha mkulima mbegu, mbolea na hata kazi ya kulimiwa kwa trekta, kisha kinakata deni lake kwenye malipo ya mavuno. Utaratibu huo uliwezekana kwa sababu miwa haikuwa na pa kwenda pengine.

Viwanda vilipoongezeka na kukaribiana, likaja lori la kiwanda kingine usiku, likalipa fedha taslimu na halikukata deni. Kiwanda kilichogharimia shamba kilibaki na daftari. Mjomba wangu aliuza hivyo mara moja, na hajuti, maana kiwanda chake kilikuwa kimechelewesha malipo ya msimu uliotangulia kwa miezi mingi. Lakini mwaka uliofuata hakuna aliyemkopesha mbolea. Kwa hiyo ushindani ulimpa bei nzuri na ukamnyang'anya mkopo.

---

Kijana_wa_Kariakoo

Nakubali kwamba nilikosea kuhusu faida. Lakini sasa mmejifunga wenyewe. Ikiwa kununua kwa wakulima kuna ugomvi wa bei, wa utamu, wa lori na wa mkopo, kwa nini kiwanda kisinunue mashamba yote ya bonde na kumaliza kelele? Sehemu ya pili ya swali la mwanzisha uzi haijajibiwa.

---

Bi_Mizani

Ni haki yako kuuliza. Jibu la kwanza ni lile la mchongaji wa Keko anayekunywa kahawa. Palizi ya miwa ni kazi ambayo msimamizi anaiona kwa juu tu. Akipita na pikipiki barabarani, mistari ya pembeni ni safi, na katikati ya shamba magugu yamefika kiunoni. Kibarua wa kiwanda halipwi zaidi kwa muwa utakaonenepa mwakani. Mkulima mwenye ekari tatu anapalilia hadi katikati kwa sababu muwa ni wake. Kadiri shamba linavyopanuka unahitaji msimamizi, kisha msimamizi wa wasimamizi, mlinzi wa mbolea, na mtu wa kuhesabu dizeli iliyoingia kwenye trekta na dizeli iliyotoka kwenye trekta usiku. Coase mwenyewe alisema kampuni inapokua, mwenye kuamua huanza kufanya makosa mengi zaidi katika kugawa kazi, na nimeyaona kwa macho. Sitaki pia kusahau kwamba ardhi ya bonde ina wenyewe, na hakuna kiwanda kinachoweza kununua vijiji vizima.

Jibu la pili huwa halisemwi sana. Kiwanda hakihitaji kulima miwa yote ili kujikinga. Kinahitaji kulima kiasi cha kutosha. Mtambo wa sukari ukiwashwa hautaki kusimama. Moto wa kuchemshia maji unatokana na makapi ya muwa uleule, kwa hiyo miwa ikikatika, kuni nazo zinakatika. Tuseme mtambo unasaga tani 100 kwa saa na mvua imefunga barabara za vijiji kwa saa tano. Hizo ni tani 500 ambazo hazikusagwa, na mishahara na mvuke vimeendelea. Siku hiyo wanakata shamba la kiwanda lililo karibu na uzio, lenye barabara ya changarawe. Barabara zikikauka, wakulima wanapewa zamu zao.

Halafu shamba hilo linafanya kazi nyingine ya kimyakimya. Mwenye kulima mwenyewe anajua gharama halisi ya kulima. Chama cha wakulima kikija na hesabu yake ya mbolea na palizi, meneja anafungua daftari lake na kulinganisha. Na chama nacho kikitishia kutokata miwa wiki nzima, mtambo unaweza kuvumilia siku kadhaa. Bila shamba hata moja, chama kingeweza kukikaba kiwanda vilevile kiwanda kinavyoweza kumkaba mkulima, kwa sababu mtambo huo wa mabilioni hauwezi kusaga kitu kingine chochote.

---

Mchuma_Chai

Nimelima majani ya chai Murang'a tangu nilipokuwa kijana, na nimeshangaa hakuna aliyesema kwamba njia ya kuungana si moja. Jani la chai nalo halingoji. Likichumwa asubuhi linatakiwa kiwandani siku hiyohiyo. Wapo wenye mashamba makubwa, hasa upande wa Kericho, ambao wanamiliki shamba na kiwanda pamoja, kama sukari yenu. Lakini sisi wakulima wadogo tulio chini ya KTDA, wakala wa chai wa Kenya, tumekwenda upande wa pili: viwanda ni vya wakulima wenye hisa, na mwisho wa mwaka tunalipwa bonasi kutokana na mauzo. Kiwanda hakikununua shamba. Shamba ndilo lililonunua kiwanda.

Kwa mfano wa Bi Mizani, zile 60,000 zinazoning'inia hazina maana kubwa ya kugombaniwa ikiwa mfuko wa kulia na wa kushoto ni wa suruali moja.

---

Msomaji_wa_Bungoma

Mzee wangu, kwa heshima zote, malalamiko ya wakulima wa chai kuhusu bonasi tunayasikia kila mwaka. Mfuko unaweza kuwa wa suruali moja na bado mkono unaoingia ndani ukawa wa meneja.

---

Mchuma_Chai

Hilo sikatai. Wakulima maelfu hawawezi kusimamia kiwanda kwa pamoja. Wanachagua wakurugenzi, na wakurugenzi nao wanahitaji kusimamiwa. Lakini ninapobishana nao, nabishana na watu niliowapigia kura, na sijawahi kuogopa kwamba watafunga kiwanda wahamie zao la wengine.

---

Mhadhiri_Mstaafu

Nimefurahishwa na mjadala huu, ila naomba kutia tahadhari moja. Maelezo ya kwamba hofu ya kubanwa ndiyo inayoleta muungano yalienea sana kupitia kisa cha General Motors na Fisher Body, watengenezaji wa mabodi ya magari. Mwaka 1919 General Motors ilinunua asilimia 60 ya hisa za Fisher Body na wakafunga mkataba wa miaka kumi. Mwaka 1926 ikachukua sehemu iliyobaki. Mwaka 1978 wanauchumi Klein, Crawford na Alchian waliandika kwamba Fisher aliutumia mkataba ule kumbana mnunuzi wake, kwa mfano kwa kutojenga viwanda karibu na vile vya magari.

Coase mwenyewe, akiwa na umri wa karibu miaka 90, aliandika mwaka 2000 kwamba kisa hicho hakikutokea hivyo. Alikuwa amezitembelea kampuni za Marekani akiwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1930, na alikumbuka kwamba kampuni ya A. O. Smith iliiuzia General Motors fremu za magari kwa miaka mingi, kwa mitambo ya kazi hiyo maalumu, bila mmoja kummeza mwenzake. Kwake yeye, anayetaka oda ya mwakani ana sababu ya kutomkaba mteja leo. Oliver Williamson, aliyepata tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alitilia uzito zaidi hatari ya kubanwa. Kwa hiyo hata wakubwa wa fani hawakukubaliana ni kiasi gani cha hofu kinatosha kumfanya mtu anunue badala ya kuaminiana.

---

Bi_Mizani

Ahsante, Mwalimu. Mimi ninaegemea kwa Williamson pale fedha iliyozikwa ni kubwa na saa ni chache, na kwa Coase pale watu watakapokutana tena na tena. Tatizo la bondeni ni kwamba yote mawili yapo kwa wakati mmoja, na bado sina uzani wa kuniambia lipi litashinda mwaka gani.

---

Mwana_wa_Kidodi

Nina dogo la mwisho. Nyumbani malori mengi ya kubeba miwa ni ya watu binafsi. Ikiwa kuchelewa kwa lori ndiko kunakoharibu kila kitu, si ndilo lingekuwa jambo la kwanza kumilikiwa na kiwanda?

---

Bi_Mizani

Swali zuri, na lilinisumbua mwaka wangu wa kwanza. Lori halikufungwa kwenye miwa. Mvua za masika zikisimamisha kusaga, mwenye lori anabeba mpunga, mbao au saruji, wakati lori la kiwanda lingelala kwenye yadi. Na akinisumbua katikati ya msimu, ninampigia mwingine, na kesho yupo kwenye foleni. Kuchelewa kwake kunauma, lakini kumbadilisha ni rahisi, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Vifaa vya kupakia miwa shambani ni habari nyingine. Hivyo vichache vilikuwa vyetu, kwa sababu nje ya msimu hakuna wa kuvikodi.

---

Fundi_wa_Keko

Kabla uzi haujafungwa, naomba ushauri. Mchongaji nimwachishe?

---

Bi_Mizani

Nieleze kwanza: siku ile ulipobanwa, kilichokubana ni mkono wa mchongaji au kile kiolezo?

---

Fundi_wa_Keko

Nimekaa na swali lako tangu jana. Nadhani kiolezo kilikuwa zaidi ya nusu. Leo asubuhi nimekata cha kwangu, plaiwudi ya milimita sita, nikamwonyesha mchongaji wa Keko Magurumbasi na mwingine wa Buguruni. Nimewaambia nitagawa oda, mbao tano tano, na kila tano zikirudi ndipo wanapata nyingine. Mmoja amesema 38,000, mwingine 35,000. Wote wawili waliomba niwaachie kiolezo walale nacho, nami nimekirudisha nyumbani chini ya kitanda. Huyu wa mshahara nimemwita tuzungumze malipo kwa kila ubao. Amesema atanijibu Jumatatu.